Ushauri: fanksheni yenye mruko, na tofauti ya jumla ya juu na jumla ya chini inayokataa kuisha

Ubao_Mchafu aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya hisabati na nimekwama kwenye swali ambalo jibu langu na jibu la mwenzangu ninayesoma naye yanapingana. Tumepewa f(x) = x² pale 0 ≤ x < 1, na f(x) = 4 − x pale 1 ≤ x ≤ 2, tukaambiwa tuamue kwa jumla za juu na za chini peke yake kama fanksheni hiyo ina intigrali kwenye [0, 2].

Niligawa [0, 2] katika vipande vinne vilivyo sawa, kila kimoja upana wa 0.5. Jumla ya juu ikatoka 4.375 na jumla ya chini 2.375, kwa hiyo tofauti ni 2. Kinachonisumbua ni kipande cha [0.5, 1], ambako thamani ya juu ni 3 na ya chini ni 0.25. Nilipotumia vipande vinane, kipande kinachoishia 1 kilikuwa na 3 juu na 0.5625 chini. Hata nikate vipande vyembamba kiasi gani, pengo hilo halishuki chini ya 2, maana upande wa kushoto wa 1 fanksheni inaelekea 1 na pale kwenye 1 yenyewe inaruka hadi 3. Nikahitimisha kwamba jumla mbili hizo haziwezi kukutana na kwamba intigrali haipo. Mwenzangu anasema ipo, ila hawezi kunionyesha nilipokosea. Naomba msaada.

Kokotoa_Haraka alijibu:

Ndugu, mbona unajitesa? Tafuta intigrali ya kila upande kwa kanuni za kawaida. Ya kwanza inatoa 1/3, ya pili inatoa 2.5, na jumla yake ni 17/6, yaani takriban 2.83. Hesabu imekwisha.

Ubao_Mchafu:

Asante, lakini swali halikuuliza thamani. Limeuliza kama intigrali ipo, na mhadhiri alikataza wazi kutumia kanuni hizo kabla hatujathibitisha kuwepo kwake.

Bi_Pembe alijibu:

Kosa lako ni dogo, mdogo wangu. Umebahatika kwamba 1 imeangukia kwenye mpaka wa vipande, basi itumie bahati hiyo. Ukishaweka 1 kuwa alama ya kugawia, mruko unatoweka kabisa: kushoto unabaki na x² inayopanda, kulia unabaki na 4 − x inayoshuka, na zote mbili hazina tatizo. Laiti ungegawa katika vipande vitano, 1 ingekaa katikati ya kipande na hapo ndipo mambo yangeharibika.

Mzee_wa_Chaki alijibu:

Bi Pembe amekaribia, ila maneno yake mawili yanahitaji kurekebishwa kabla kijana hajayaandika kwenye mtihani.

Kwanza, mruko hautoweki kwa kuweka alama kwenye 1. Vipande vya mgawanyo hujumuisha ncha zake zote mbili, kwa hiyo 1 imo ndani ya [0.5, 1], na f(1) ni 3. Ile 3 aliyoiona kijana ni halali, na anayeandika 1 mahali pake atakuwa anahesabu fanksheni nyingine.

Pili, na hapa ndipo penye jibu: kijana ametazama kimo cha pengo akasahau upana wake. Kinachoingia kwenye tofauti ya jumla mbili ni kimo mara upana. Kimo hakishuki chini ya 2, nakubali, lakini upana unashuka kadiri tunavyotaka. Uzikusanye sasa tofauti za vimo vya vipande vyako vinne: 0.25, kisha 2.75, kisha 0.5 na 0.5. Jumla yake ni 4. Fanya hivyo kwa vipande vinane, utapata 4 tena. Si sadfa. Kwenye [0, 1], ukiihesabu na ncha yake ya kulia, fanksheni inapanda tu, kutoka 0 hadi 3, huku mruko ukiwa sehemu ya kupanda huko. Fanksheni inapopanda tu, thamani ya juu ya kila kipande iko kwenye ncha ya kulia na ya chini iko kwenye ncha ya kushoto, kwa hiyo ukijumlisha tofauti zake, kila thamani ya katikati inaongezwa mara moja na kuondolewa mara moja, na unabaki na ya mwisho kutoa ya mwanzo, yaani 3. Kwenye [1, 2] inashuka kutoka 3 hadi 2, nako unapata 1.

Basi kwa vipande n vilivyo sawa, ikiwa n ni shufwa, tofauti ya jumla ya juu na ya chini ni 4 mara 2/n, yaani 8/n. Kwa 4 ni 2, kama ulivyopata. Kwa 8 ni 1. Akikudai tofauti iwe chini ya 0.01, mpe vipande 1000, tofauti itakuwa 0.008. Hapo intigrali ipo, na hatujagusa kanuni yoyote ya Kokotoa.

Na vile vipande vitano vya Bi Pembe? Upana ni 0.4 na mruko unakaa ndani ya [0.8, 1.2], penye 3 juu na 0.64 chini. Vipande viwili vya kushoto vinatoa 0.64 na viwili vya kulia vinatoa 0.8. Jumla ya vimo ni 3.8, tofauti ni 1.52. Hakuna kilichoharibika.

Bi_Pembe:

Nimekubali kuhusu vitano, Mzee. Lakini bado nasema kuweka alama kwenye 1 ni njia safi zaidi ya kuandika uthibitisho.

Mzee_wa_Chaki:

Hapo hatugombani. Mimi napenda kumwonyesha mwanafunzi kwamba si lazima, kwa sababu akikutana na fanksheni asiyojua mruko wake uko wapi atadhani amekwama.

Fundi_Mita alijibu:

Sina shahada ya hisabati, ila mmenikumbusha kazi yangu. Kifaa changu husoma umeme kila baada ya dakika 5. Pampu ya kilowati 1.2 ikiwaka kati ya usomaji mmoja na mwingine, sijui iliwaka dakika ipi, kwa hiyo hesabu yangu ya nishati inaweza kukosea hadi kilowati-saa 0.1. Nikisoma kila dakika 1 kosa halizidi 0.02. Mruko ni uleule wa 1.2; kilichopungua ni muda. Nadhani ndicho anachosema Mzee.

Mzee_wa_Chaki:

Ndicho hasa, fundi.

Ubao_Mchafu:

Nimeelewa nilipoteleza, asanteni sana. Nauliza jambo moja la mwisho. Ingekuwaje kama kushoto kwa 1 fanksheni ingekuwa inapanda na kushuka mara nyingi? Ile hila ya thamani za katikati kufutana haingefanya kazi.

Mzee_wa_Chaki:

Haingefanya kazi, na hapo unabadili mbinu. Tuseme fanksheni haikatiki popote isipokuwa kwenye 1, na thamani zake hazitoki nje ya −5 na 5. Tenga ukanda mwembamba unaoizunguka 1. Ndani yake kimo hakizidi 10, kwa hiyo ukanda wa upana 0.0004 unagharimu 0.004 kwa wingi. Nje ya ukanda unabaki na sehemu mbili zilizofungwa ambako fanksheni haikatiki, nazo unaweza kuzikatakata hadi zigharimu pungufu ya 0.006 zikiwa pamoja. Angalia mpangilio: unaanza na 0.01 uliyodaiwa, kisha unachagua ukanda, kisha unakata kilichobaki. Ukigeuza mpangilio huo uthibitisho unaanguka.

Mbinu hii inategemea mruko kuwa mmoja au michache. Fanksheni inayotoa 1 kwenye kila namba wiani na 0 kwingineko haina ukanda wa kutenga, kwa sababu kila kipande, hata kiwe chembamba vipi, kina kimo cha 1. Kwenye [0, 2] jumla ya juu itakuwa 2 na ya chini 0 milele.

Bi_Pembe:

Na fanksheni inayopanda tu, lakini inaruka kidogo kidogo kwenye kila namba wiani? Nayo haina mahali pa kutenga ukanda.

Mzee_wa_Chaki:

Swali zuri. Rudi kwenye hila ya thamani kufutana, uone kama mahali popote tuliuliza miruko ni mingapi.

Ubao_Mchafu:

Hatukuuliza. Ngoja nikaiandike upya usiku huu; nikikwama nitarudi hapahapa.