Naombeni ushauri: mbegu za aprikoti zinamletea mtu wangu kizunguzungu, nipunguze dozi au niendelee?

Mtafutaji_Njia
Wakuu, heshima zenu. Kuna mtu wangu wa karibu anatumia mbegu chungu zinazotoka ndani ya kokwa la aprikoti. Tunazisaga, anakunywa na maji. Mwanzoni hakuwa na shida, ila siku hizi akimaliza kunywa anashikwa na kizunguzungu na kichwa kinamgonga. Wengine wanasema ni mwili unatoa sumu. Nauliza tu dozi sahihi ni ipi. Tafadhali msinitishe, nina mengi kichwani.

Bibi_Shamba
Pole mwanangu. Mimi lozi nala kila siku na mifupa iko imara. Mpe aloweke usiku, asubuhi amenye ganda.

Nesi_Zamu
Bibi, shikamoo. Lozi zako ni tamu, hizo hazina neno. Anazozungumzia ni chungu, na huo uchungu ndio habari yenyewe. Mtafutaji, kabla sijajibu: ni nani huyo, ana kilo ngapi, anakunywa mbegu ngapi kwa mara moja, na anaumwa nini?

Mtafutaji_Njia
Ni mtu mzima. Anakunywa kiasi cha kawaida tu.

Kaka_Jiko
Wala usihangaike. Zikaange kwanza. Moto unaua sumu yote, mimi nimefanya hivyo na niko hapa naandika.

Nesi_Zamu
Kaka, umepata nusu. Ndani ya mbegu kuna amigdalini, na pembeni yake kuna kimeng'enya kinachoivunja. Mbegu ikiwa nzima, viwili hivyo havigusani. Ukisaga au ukitafuna na kukawa na majimaji, vinakutana, amigdalini inavunjika na sianidi inatoka. Moto unaharibu kile kimeng'enya, ila sehemu kubwa ya amigdalini inabaki. Ikifika utumboni, bakteria wa humo wana vimeng'enya vya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo wewe umeichelewesha tu, hujaimaliza. Aliyekula zilizokaangwa anaweza kukaa saa kadhaa akidhani kapona.

Mama_Pacha
Jamani mwanangu kameza mbegu za tufaha jana, sijalala!

Nesi_Zamu
Dada, kama alizimeza nzima bila kutafuna, kwa kawaida zinapita zilivyo. Mwangalie, akitapika au akilegea mpeleke. Mtafutaji, bado nasubiri jibu.

Mtafutaji_Njia
Sawa. Ni mama yangu. Ana saratani, amechoka na dripu, akasema hataki tena. Tulianza na mbegu 5, sasa ni 20 kwa siku, 10 asubuhi na 10 jioni. Ana kilo 50. Na anatumia vidonge vya vitamini C vingi, tuliambiwa vinaisaidia ile amigdalini, wanayoiita vitamini B17, kufanya kazi. Lakini nimesoma sana, sianidi inatoka ndani ya seli ya saratani peke yake, seli nzima haiguswi. Ndiyo maana nauliza dozi, sijauliza kama aache.

Nesi_Zamu
Ahsante kwa kusema. Tupige hesabu pamoja. Chukulia mbegu moja ni nusu gramu, basi 10 ni gramu 5. Mbegu chungu inaweza kuwa na amigdalini kama asilimia 5, hiyo ni robo gramu. Gramu 1 ya amigdalini ikivunjika yote inatoa sianidi miligramu 59, kwa hiyo kikombe kimoja cha mama kinaweza kutoa hadi miligramu 15 hivi. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya mwaka 2016 waliweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja. Kwa kilo 50 ni miligramu 1. Na kiasi kinachoweza kuua kinaanzia kama nusu miligramu kwa kilo, yaani 25 kwa mama. Mbegu hazilingani, mfuko mmoja unaweza kuwa mkali kuliko uliopita. Hiyo dozi unayoniuliza sina.

Hilo la seli ya saratani peke yake si kweli. Uvunjaji unafanyika kikombeni na utumboni, halafu sianidi inasafiri na damu kwenda kila mahali. Ndani ya seli inang'ang'ania chuma cha kimeng'enya cha mwisho kinachotumia oksijeni. Damu inakuja na oksijeni tele, seli haziwezi kuitumia. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza, na hicho kizunguzungu ni mwanzo wake. Hiyo B17 wala si vitamini.

Mtafutaji_Njia
Mbona kuna watu wamepona?

Nesi_Zamu
Marekani waliijaribu hiyo amigdalini kwa wagonjwa 178 wa saratani, matokeo yakachapishwa 1982. Hakuna aliyepona, na wachache walikutwa na sianidi kwenye damu inayokaribia ya kuua. Na vitamini C nyingi inazidisha hatari. Mwili unaigeuza sianidi kwa kutumia salfa itokanayo na protini, kisha unaitoa kwa mkojo. Vitamini C nyingi imeonekana kupunguza akiba hiyo, na mgonjwa asiyekula vizuri anayo kidogo tangu mwanzo.

Jicho_Kali
Samahani wadau, mimi siamini huu uzi. Mtu mpya, mama mgonjwa, kisha anataja B17 kila mstari. Kesho atakuja na namba ya simu ya kuuza unga. Nimeziona hizi.

Kaka_Jiko
Hata mimi nilianza kushtuka. Na huyo nesi anajuaje yote hayo? Labda ni mtu mmoja ana majina mawili.

Mama_Pacha
Acheni ukatili, mtu analia nyie mnapeleleza.

Mtafutaji_Njia
Siuzi kitu. Mnataka nini, niwapigie picha ya mama? Usiku namsagia, naweka maji, nafunika na sahani hadi asubuhi. Nikifunua, harufu ya lozi inapanda puani. Leo alikunywa nusu, akashika ukingo wa meza, akatapika, pumzi zikawa za harakaharaka. Nikamwekea kile kifaa cha kidoleni, kikasema oksijeni 98. Nikajua ni woga wangu.

Nesi_Zamu
Jicho, shaka yako naielewa, lakini hilo la kifaa si rahisi mtu alitunge. Mtafutaji, 98 isikudanganye. Kifaa kinasoma oksijeni iliyo kwenye damu, hakisomi kama seli zinaitumia. Kwenye sumu hii kinaweza kuonyesha vizuri huku mtu anazama. Harufu nayo ni ya benzaldehaidi, inayotoka pamoja na sianidi. Ikipungua usidhani kikombe kiko salama.

Alitapika saa ngapi?

Mtafutaji_Njia
Kama saa moja iliyopita. Sasa amelala, anasema amechoka. Nikimpeleka daktari wake atatugombeza, na mama aliniapisha nisimwambie. Si bora nipunguze ziwe 6 tu, bila vitamini C?

Jicho_Kali
Kama ni kweli, ndugu yangu, mwamshe. Nimefuta niliyokuwa naandika.

Bibi_Shamba
Mpe maziwa kwanza.

Nesi_Zamu
Bibi, maziwa hayazuii hii. Mtafutaji, hata 6 zinaweza kupita kile kikomo mara kadhaa, ila hilo tutabishana baadaye. Mwamshe sasa, ondokeni, beba mfuko wa mbegu na vile vidonge. Mlangoni usiseme "kizunguzungu", sema "sianidi kutoka mbegu za aprikoti", na taja saa aliyokunywa. Waombe wapime laktati ya damu. Dawa ipo, haidroksokobalamini au thiosulfeti ya sodiamu, ila hospitali nyingine hazina, kwa hiyo piga simu ukiwa njiani uwaulize. Akianza kuchanganyikiwa au kutetemeka, ita gari la wagonjwa.

Mtafutaji_Njia
Ameamka. Anauliza nimemwambia nani. Tunatoka.

Mama_Pacha
Tupe habari ukifika.