Matangazo ya Google: nimezidisha matumizi au niko sawa?

mama_samani: Habari za humu wakuu. Tunauza magodoro na vitanda hapa Dar. Mpango wa Septemba ni 1,520,000, kwa hiyo Google Ads nimeweka 50,000 kwa siku. Leo asubuhi ni tarehe 13 na imeshakula 690,000. Juzi pekee imekula 88,000! Bosi anataka niizime. Nifanyeje?

Kijana_wa_Temeke: Hesabu nyepesi hiyo dada. Siku 12 kati ya 30 ni asilimia 40, ulitakiwa uwe 608,000. Umezidisha 82,000. Gawa iliyobaki, 830,000, kwa siku 18. Weka 46,000, basi.

duka_online: Mimi yangu ni kinyume, haimalizi hata nusu. Nimepandisha bajeti mara mbili, wapi!

Mzee wa Kampeni: Duka_online, bidhaa zako huenda hazitafutwi vya kutosha. Angalia safu ya `Search lost IS (budget)`, yaani asilimia ya nafasi za kuonekana unazokosa kwa sababu ya bajeti. Ikiwa karibu na sifuri, bajeti siyo inayokubana, hata ukiweka milioni.

Mama_samani, usizime. Hiyo 88,000 si wizi: Google inaruhusiwa kufika mara mbili ya bajeti ya siku, ila kwa mwezi haikutozi zaidi ya bajeti hiyo mara 30.4. Kwako ni 1,520,000 kamili, kwa hiyo bosi asiogope kuzidi. Cha kuogopa ni kwamba kwa wastani wako wa 57,500, pesa inakauka tarehe 27. Magodoro watu wananunua lini?

mama_samani: Mishahara ikitoka! Kuanzia 25 simu hazikatiki.

Mzee wa Kampeni: Basi kugawa sawasawa hakukufai. Tenga kwanza 70,000 kwa siku tarehe 25 hadi 30, ni 420,000. Inabaki 410,000 kwa siku 12 za kati, kama 34,000 kila siku. Weka 34,000 leo, tarehe 25 asubuhi pandisha. Kumbuka ukibadili katikati ya mwezi, kikomo nacho kinabadilika: kilichotumika, ukijumlisha bajeti mpya mara siku zilizobaki. Usipopandisha, mwezi utaishia 1,302,000 na bosi atauliza kwa nini hukutumia. Na hata kwenye 34,000 inaweza kuruka hadi 68,000 siku moja, kwa hiyo chungulia kila baada ya siku tatu, ukihesabu siku zilizokamilika tu. Ya leo usiihesabu.

Kijana_wa_Temeke: Kushusha ghafla hivyo si kutavuruga mfumo wa kujipangia bei? Mimi ningeshuka taratibu, 42,000 kwanza.

Mzee wa Kampeni: Hoja ipo. Lakini ukishuka taratibu unakula akiba ya mwisho wa mwezi. Kwangu haijawahi kuvuruga sana, ila akaunti hazifanani.

mama_samani: Nimeweka 34,000. Bosi kanuna, anasema washindani wetu wako Facebook. Hiyo nayo inahesabiwa hivihivi?