Naomba ushauri: mkanda wa jeshi, na nyumbani kuna mjamzito

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu, miaka 52, alianza kuungua ubavuni Jumatatu. Jumanne jioni malengelenge yakatokea, upande mmoja tu. Daktari alisema ni mkanda wa jeshi, akampa asikilovia miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7. Alisisitiza zianze ndani ya saa 72 tangu upele utokee, virusi vikiwa bado vinazaliana. Alianza Alhamisi asubuhi. Leo Jumamosi bado yanatoka mapya machache. Ni kawaida, au arudi?

Pili, mdogo wangu ni mjamzito na hajawahi kuugua tetekuwanga, inayoletwa na virusi hivyo hivyo. Tumefunika upele, naye amehamia kwa shangazi hadi malengelenge yote yakauke. Lakini Jumatano alifua shuka zenye majimaji ya malengelenge hayo. Asubiri dalili, au apimwe kinga leo leo? Hili ndilo linaloninyima usingizi.