Nimeteguka kifundo cha mguu: nivae sapoti uwanjani na mlimani, au ninunue buti ndefu?

Beki wa Kulia: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, naishi Arusha, na siku 19 zilizopita niliteguka kifundo cha mguu wa kulia kwenye mechi ya maveterani baada ya kukanyaga shimo wakati nageuka. Uvimbe umepungua, natembea vizuri, ila nikishuka ngazi nahisi mguu hauniamini. Baada ya wiki 5 nitapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na timu yetu ina nusu fainali kabla ya hapo. Nimeshanunua sapoti ya shilingi 15,000 na buti ndefu za mlimani. Naomba kujua kama vitu hivyo viwili vinatosha.

Mama Neema: Pole sana, mwanangu. Maveterani mnacheza kana kwamba mnasubiriwa Ulaya. Mume wangu naye aliteguka, akapelekwa kwa mzee wa kuchua, akachuliwa kwa nguvu siku ileile, na mguu ukavimba maradufu. Achana na mpira, mlima unatosha.

Fundi Viungo: Nafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo naomba kwanza majibu matatu. Siku ulipoumia, uliweza kupiga hatua 4 bila kushikwa? Ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, kwa nje na kwa ndani, unasikia maumivu makali? Na je, hii ni mara ya kwanza?

Beki wa Kulia: Nilitoka uwanjani kwa miguu yangu nikichechemea. Mfupa hauumi, panapouma ni mbele na chini yake, upande wa nje. Kuhusu mara ya kwanza, mguu huu uliwahi kusumbua kidogo huko nyuma, lakini sidhani kama jambo hilo linahusika.

Kocha Mtaani: Mimi nawakataza wachezaji wangu sapoti kabisa, kwa sababu inadhoofisha misuli na mguu unazoea kubebwa. Fanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja tu.

Fundi Viungo: Kocha yuko sahihi kuhusu kusimama kwa mguu mmoja, ila hofu ya misuli kudhoofika kwa sababu ya sapoti inayovaliwa wakati wa mchezo pekee haina msingi wa kutosha. Mtu ambaye hajawahi kuteguka hafaidiki nayo sana. Aliyekwisha kuteguka ndiye anayefaidika, na huwa namshauri aivae katika kila mechi na kila mazoezi kwa takriban mwaka mzima, huku akiujenga mguu wake. Ndiyo maana nilikuuliza, Beki. Imekuwa mara ngapi?

Beki wa Kulia: Hii ni ya tatu ndani ya miezi 14. Sikutaka kusema kwa sababu najua mtaniambia nisipande, na fedha ya safari nimeshalipa.

Fundi Viungo: Hakuna aliyekukataza mlima. Tuelezee hiyo sapoti ilivyo.

Beki wa Kulia: Ni ya mpira, unaivuta kama soksi isiyo na vidole. Inabana vizuri na nikiivaa najisikia salama.

Fundi Viungo: Hapo ndipo penye shida. Soksi ya kubana inazuia uvimbe na kuupa mguu joto, lakini kifundo kikianza kulala upande wa nje, haina nguvu ya kukirudisha. Kwa mpira unahitaji ile ya kufunga kwa kamba yenye mikanda inayozunguka kifundo, au yenye vibao vigumu pembeni vilivyo na bawaba. Ya bawaba inaruhusu mguu kupanda na kushuka na kuzuia kulala tu, ila haikai vizuri ndani ya daruga nyembamba. Ya kamba inaingia ukilegeza kiatu, lakini inakuzuia kidogo kuunyoosha mguu unapopiga shuti, hivyo utauhisi mpira tofauti kwa wiki ya kwanza. Plasta ya kufungia inashika vizuri mwanzoni, kisha hulegea baada ya nusu saa hivi ya kukimbia.

Mpagazi Mstaafu: Nimebeba mizigo kule juu kwa miaka mingi, na nawaambia kwamba mlima hauumizi mtu wakati wa kupanda. Njia ya Machame inashukia Mweka, na siku ya kilele mtu anatoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya chini iliyo karibu mita 3,100 akiwa hajalala. Hapo magoti yanacheza na mguu unajiangukia wenyewe. Wageni wengi niliowaona wameteguka walikuwa na buti ndefu za bei kubwa. Funga kamba sana sehemu ya juu na utakuwa salama.

Fundi Viungo: Kuhusu kushuka nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu kukaza kamba za juu, kuna mguu ambao hilo litauongezea taabu. Beki, simama mbele ya ukuta, kisigino kikiwa chini, na upeleke goti mpaka liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo kisigino kinakaribia kunyanyuka, kisha pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Pima miguu yote miwili.

Jicho Kali: Samahani, mimi nadhani hadithi hii imetungwa, na sitashangaa kesho likiwekwa tangazo la sapoti. Mtu ameumia siku 19 zilizopita na mechi iko mbele, lakini anasema akivaa hiyo soksi anajisikia salama. Salama akifanya nini, kukaa kwenye kochi?

Beki wa Kulia: Siuzi chochote. Nilicheza Jumamosi iliyopita kwa dakika 30. Karibu na mwisho mguu ulitaka kulala tena, nikatoka. Nilikuwa najaribu tu, kwa sababu beki mwenzangu amesafiri na timu haina mbadala.

Mama Neema: Nilijua tu.

Jicho Kali: Basi nimekuamini nusu.

Beki wa Kulia: Nimepima. Mguu wa kushoto ni sentimita 11, wa kulia ni 6.

Fundi Viungo: Tofauti ya sentimita 5 ni kubwa, na ndiyo inayokufanya usiuamini mguu kwenye ngazi. Kushuka kunataka goti lipite mbele ya vidole huku kisigino kiko chini; kifundo kikigoma, unatua kwa ghafla au unageuza mguu nje. Ukiongeza sapoti ya kamba ndani ya buti ndefu iliyokazwa juu, unakifunga kifundo ambacho tayari kimefungwa, na mfupa wa nje utasuguliwa mpaka utoke malengelenge. Mlimani ningechagua buti peke yake, kamba za juu zikiwa na nafasi kidogo, pamoja na fimbo mbili wakati wa kushuka. Kila siku rudia hilo zoezi la ukutani mara 3, na upime kila Jumapili. Nusu fainali ningeiacha mpaka uweze kurukaruka kwa mguu huo mmoja, mbele na pembeni, bila kusita.

Kocha Mtaani: Bado siafiki sapoti, ila hilo la ukutani nitawapima vijana wangu.

Beki wa Kulia: Nimeelewa. Ila nikicheza kipindi kimoja tu, nikiwa na ile ya kamba?

Mpagazi Mstaafu: Kabla hujajibiwa, hizo buti mpya umeshazitembelea umbali gani?

Beki wa Kulia: Bado ziko kwenye boksi.