Tupeane uzoefu: gemu za zamani zinazogoma kwenye Windows mpya

MwanaGungu
Wakuu habari za jioni. Nina chumba kidogo cha kompyuta hapa Gungu, Kigoma. Mzee mmoja mstaafu wa reli kaniletea diski zake halisi za gemu mbili, anataka wajukuu wacheze likizo hii. Moja ni gemu la treni la 1997. Nyingine ni Vice City, ile ya diski mbili. Kompyuta ni mpya, Windows 11.

La treni halifiki hata kwenye kusakinisha. Nikigusa SETUP.EXE linaniambia "Unsupported 16-Bit Application". Vice City imeingia vizuri mpaka mwisho, lakini nikibofya ikoni kiduara kinazunguka kidogo kisha kimya. Hakuna ujumbe, hakuna chochote.

Aliyepitia haya atuambie alitokaje. Naomba tusianze na "pakua nyingine mtandaoni". Mzee ana diski zake na bando la Kigoma tunalijua.

KijanaKasulu
Hiyo compatibility mode tu mkuu. Bofya kulia, Properties, chagua Windows XP, weka na alama ya kuendesha kama msimamizi. Mimi nimefufua gemu nyingi hivyo.

MwanaGungu
Nilishaweka XP, nikaweka na Windows 95. Zote mbili zimegoma vilevile.

FundiIsevya
Kijana hujakosea sana, ila dawa yako ni ya ugonjwa mwingine. Ile alama inaidanganya programu kuhusu toleo la Windows, inabadilisha tabia mbili tatu, basi. Haiwezi kuleta kitu ambacho Windows haina kabisa.

Niko Tabora, nimefungua na kufunga kompyuta tangu enzi za XP. MwanaGungu, una magonjwa mawili tofauti, usiyachanganye. Moja linakufa kabla ya kusakinishwa, lingine linakufa baada. Hapo ndipo pa kuanzia kila mara: limekufa wapi?

La treni kwanza. Windows ya biti 64 haina sehemu ya kuendesha programu za biti 16. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, kwa hiyo hakuna kitufe cha kuwasha. Sasa linalochekesha ni kwamba gemu lenyewe la 1997, kama lilitengenezwa kwa Windows 95, kwa kawaida ni la biti 32 na lingecheza. Kilicho cha biti 16 ni kile kisakinishi peke yake. Watengenezaji walikiacha hivyo ili mtu mwenye Windows 3.1 akiweka diski apate angalau ujumbe wa kistaarabu kwamba kompyuta yake haifai. Adabu ya miaka ile ndiyo inayotusumbua leo.

Kuhakikisha, fungua SETUP.EXE kwa Notepad. Utaona takataka nyingi, lakini karibu na juu, baada ya sentensi ya Kiingereza inayosomeka, tafuta herufi mbili: NE ni biti 16, PE ni biti 32 au zaidi. Fanya hivyohivyo kwa faili la gemu lenyewe kama liko wazi kwenye diski. Kisha tuorodheshee mafaili yaliyo pembeni ya SETUP.EXE.

BintiCheyo
Samahani kuingilia, na mimi nina diski ya gemu la mpira inasoma nusu kisha inakwama, ila ni ya PS2. Na yenyewe ni hiyo biti 16?

FundiIsevya
Hapana dada, hiyo ni lenzi au mikwaruzo. Fungulia uzi wake, utapata watu wa PS2.

MwanaGungu
Nimeangalia. SETUP.EXE ni NE. Faili la gemu ni PE. Pembeni kuna _SETUP.LIB, SETUP.INS, _INST32I.EX_ na DATA.Z.

FundiIsevya
Safi. Hiyo ni InstallShield 3, programu ya kutengenezea visakinishi. Ingekuwa InstallShield 5 ungeona data1.cab na data1.hdr, na hapo Windows yenyewe ingekusaidia: ina injini ya biti 32 ya hiyo InstallShield 5, ikikitambua kisakinishi inabadilisha kimyakimya. Ndiyo maana watu wanabishana humu, huyu anasema diski yake ya 1998 ilikubali, yule ya kwake imekataa, na wote wanasema kweli.

Kwako kuna njia mbili. Ya kwanza: nakili diski yote kwenye folda, tafuta injini ya InstallShield 3 ya biti 32, iweke humo, uendeshe hiyo badala ya SETUP.EXE. Yenyewe itasoma SETUP.INS na kufungua DATA.Z kama kawaida. Ya pili: kompyuta ndani ya kompyuta, yaani VirtualBox yenye XP ya biti 32. Sakinisha humo, kisha toa folda lililosakinishwa ulilete nje.

MlinziWaMwanga
Mimi nilitumia otvdm. Ni kifaa kinachoendesha programu za Windows za biti 16 juu ya Windows ya biti 64. SETUP ilifunguka moja kwa moja. Lakini diski yangu nyingine ilifika katikati ikaganda, sijui kwa nini mpaka leo.

MwanaGungu
Nimekwenda na VirtualBox kwa sababu XP ninayo. Gemu limesakinishwa ndani, nimetoa folda nje. Nimechukua na sajili yake kwa regedit, nikaiingiza kwenye Windows 11. Gemu linafunguka, linasema halijasakinishwa, linajifunga. Kule ndani ya XP linacheza.

FundiIsevya
Hilo ni kosa la anwani. Faili la .reg ulilotoa XP linasema hivi mwanzoni mwa njia:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\
```

Kwenye Windows ya biti 64, programu ya biti 32 ikiomba kusoma hapo inapelekwa chumba kingine bila yenyewe kujua. Umeweka taarifa chumba cha mbele, gemu linatafuta chumba cha uani. Fungua .reg kwa Notepad, badilisha iwe hivi:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\WOW6432Node\
```

Uingize upya. Na ukiwa humo angalia kama kuna mstari unaotaja herufi ya diski. Ndani ya XP labda ilikuwa D:, kwako diski ya nje ya USB inaweza kuwa E: au F:. Gemu nyingi za miaka hiyo zilikagua diski kwa kusoma herufi iliyoandikwa siku ya kusakinishwa. Ukichomeka kwenye tundu jingine herufi ikabadilika, gemu linasema weka diski, na diski iko humohumo. Bora uipe herufi moja ya kudumu kwenye Disk Management.

MwanaGungu
WOW6432Node imekubali! Na kweli kulikuwa na D:, nimeweka F:. Treni zinatembea. Mzee atafurahi, ingawa muziki hausikiki.

MlinziWaMwanga
Umetumia diski yenyewe au nakala ya ISO?

MwanaGungu
ISO. Sikutaka diski ya mzee izunguke sana.

MlinziWaMwanga
Ndiyo hiyo. Kwenye gemu za namna hiyo muziki mara nyingi si faili, ni nyimbo kama za diski ya redio, zimekaa baada ya data. ISO inabeba data tu. Tengeneza nakala ya BIN na CUE, au weka diski yenyewe.

Shangazi_wa_Ipuli
Hapo kwenye biti 16 mmenigusa. Nina programu ya hesabu za duka ya zamani, tangu tulipobadilisha kompyuta haifunguki, na madeni ya watu yote yamo. Si gemu, lakini naona ujumbe ni huohuo.

FundiIsevya
Shikamoo shangazi. Hapo tofauti ni kwamba programu yenyewe huenda ni ya biti 16, si kisakinishi tu, kwa hiyo kuihamisha folda hakutasaidia. VirtualBox yenye XP ndiyo salama kwako. Nakili folda la data kwenye flashi kwanza, kabla fundi yeyote hajapiga Windows upya.

Sasa Vice City. Imesakinishwa, ukibofya inakufa kimya. Fungua Command Prompt uandike:

```
sc query secdrv
```

MwanaGungu
Inasema FAILED 1060, huduma haipo.

FundiIsevya
Basi jibu ni hilo. Vice City ya diski ililindwa na SafeDisc ya kampuni ya Macrovision. Diski halisi ina sekta zilizoharibiwa makusudi ambazo nakala ya kawaida haizichukui vizuri. Gemu likianza linamuuliza draiva anayeitwa secdrv.sys, na draiva asipojibu linajifunga. Draiva huyo alikaa ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, na 2007 aligundulika kuwa na tundu la kumpa mtu wa kawaida mamlaka ya msimamizi. Windows 10 ilipotoka 2015 haikumbeba kabisa, na Septemba ya mwaka huohuo sasisho likamzima kwenye Vista, 7 na 8. Kwa hiyo diski yako ni nzima na kompyuta yako ni nzima. Aliyekuwa katikati yao ndiye hayupo.

KijanaKasulu
Hapa sasa ninalo jibu. Mimi nina Windows 7, niliandika hivi kwenye Command Prompt ya msimamizi likacheza:

```
sc config secdrv start= demand
sc start secdrv
```

Nafasi baada ya = ni lazima. Kwa hiyo MwanaGungu achukue secdrv.sys kwenye kompyuta yangu aiweke kwenye yake.

FundiIsevya
Sehemu ya kwanza ni sahihi kwa Windows 7, na ukimaliza kucheza andika `sc stop secdrv`. Sehemu ya pili usimfanyie mwenzako. Windows mpya inamkataa draiva yule, na wanaolazimisha wanaishia kuzima ukaguzi wa saini za draiva kwenye kompyuta nzima. Hicho ni chumba cha biashara, watoto wa watu wanaingiza flashi kila saa.

Kuna kiprogramu cha chanzo huria kinaitwa SafeDiscShim. Kinasimama pale alipokuwa draiva na kulijibu gemu, bila kuingia kwenye kiini. Diski halisi bado inatakiwa iwemo, na ISO haitoshi.

Mchuuzi_wa_Diski
Mbona mnazunguka? Kraki ya faili moja tu, gemu halitaki diski tena. Ujiji nzima inacheza hivyo.

MlinziWaMwanga
Na Ujiji nzima ina virusi. Nimesafisha kompyuta zilizoingizwa hizo faili.

Mchuuzi_wa_Diski
Antivirasi inapiga kelele kwa kila kraki, hata safi.

FundiIsevya
Hilo nalo ni kweli, na ndiyo shida yake: huwezi kujua ipi ni safi. Kuhusu haki, mtu mwenye diski yake halisi namwelewa, ila mimi simwekei mteja.

MwanaGungu
SafeDiscShim imefungua. Diski ilizunguka kwa kelele kama dakika hivi, nikadhani imekwama, kisha ikaingia. Ila kwenye kompyuta ya pili, Windows 11 hiyohiyo, drive hiyohiyo ya nje, inagoma kimya kama mwanzo.

FundiIsevya
Angalia kwenye Task Manager kama jina la gemu linatokea kisha kupotea au halitokei kabisa. Na hakikisha umechomeka nyuma moja kwa moja, si kwenye kigawa USB. Tuletee majibu.

MwanaGungu
Linatokea na kupotea. Limechomekwa nyuma. Umeme ukirudi najaribu tena.