Mtu kakesha kazini, karatasi inasema ni mtoro! Nani aliyeambiwa siku ya kazi inaisha saa 6 usiku?

Wakuu, nimekasirika na sitazunguka.

Kazi yangu ni kulinganisha ratiba ya zamu na mahudhurio kabla mishahara haijafungwa. Mwezi uliopita nilikuwa likizo, kazi akaifanya mwingine. Nimerudi, kijana wa zamu ya usiku akanijia na hati yake ya malipo. Amekatwa siku moja kwa utoro, na ovataimu yake imefutwa yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, Jumatatu ile mnasema nilikuwa wapi?"

Nikafungua kumbukumbu za mashine ya kidole. Ratiba yake ilikuwa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, usiku tatu mfululizo, kuanzia Jumatatu. Kila zamu ina nusu saa ya kupumzika isiyolipwa. Alama zake ni hizi:

```
Jumatatu   21:54
Jumanne    06:05   21:56
Jumatano   06:51   21:52
Alhamisi   06:02
```

Mtu yeyote aliyewahi kukesha anaisoma hii bila shida. Aliingia Jumatatu usiku akatoka Jumanne asubuhi, na kuendelea hivyo. Jumatano asubuhi alichelewa kutoka kwa sababu wa kumpokea hakuwa amefika, na mashine haiachwi peke yake.

Programu yetu haisomi hivyo. Inachukua alama ya kwanza ya tarehe na kuiita kuingia, ya mwisho ikaiita kutoka. Kwa hiyo Jumanne inaonyesha aliingia 06:05 akatoka 21:56, yaani saa 15 na dakika 51. Jumatano, saa 15 na dakika 1. Huo ndio muda aliokuwa nyumbani amelala! Jumatatu ina alama moja tu, ikahesabiwa hakuja. Ukitoa mapumziko na saa za ratiba, karatasi inampa ovataimu ya saa 14 na dakika 52 kwa siku mbili.

Msimamizi akaona saa 14, akasema huyu ni mwizi, akapiga mstari ovataimu yote. Utoro wa Jumatatu akauacha. Hakumuuliza mtu.

Ukweli wake ni zamu tatu kamili, saa 22 na nusu, na dakika 51 za ziada za Jumatano asubuhi. Basi. Hakuiba na hakukosa. Nataka kujua, huko kwenu mnalinganishaje zamu zinazovuka usiku? Na nani alitoa ruhusa kwamba tarakimu ikikushangaza unaifuta badala ya kuiuliza?

fundi_jedwali: Dada pole, lakini hili ni dogo. Tatizo ni kutoa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka wakati kutoka ni kesho yake, jibu linakuwa hasi. Weka hii, inavuka usiku bila kulalamika na inakupa saa kwa desimali:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Mwanzisha uzi: Kaka, nimeijaribu kabla ya kuandika. Kwa 06:05 na 21:56 inanipa 15.85. Hesabu ni sahihi kabisa kwa jozi ambayo si sahihi.

babu_wa_zamu: Dada amekujibu vizuri, fundi. Fomula yako ni ya mtu ambaye tayari ana kuingia na kutoka kwa zamu ileile. Hapa alama zimeoanishwa vibaya kabla hata hesabu haijaanza.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Usianze na tarehe, anza na ratiba. Unganisha tarehe na saa ziwe kitu kimoja, kisha panga alama zote za mtu kwa mfuatano bila kujali siku. Halafu chukua zamu moja ya ratiba, mfano Jumatatu saa 4 usiku, utafute alama iliyo karibu na mwanzo wake. Mimi natumia saa 2 kabla hadi saa 2 baada. Hiyo ndiyo kuingia. Alama inayofuata, ikiwa ndani ya saa 14 hivi, ndiyo kutoka. Zamu yote inabaki mali ya siku ilipoanza.

Na ukivuta kumbukumbu za mwezi, vuta na siku moja kabla na siku moja baada. Usipofanya hivyo, aliyeingia usiku wa mwisho wa mwezi ataonekana hakutoka, na tarehe 1 kutakuwa na kutoka kusiko na kuingia. Kama wewe mwenyewe utaona vipande hivyo viwili vya zamu moja kwenye miezi miwili tofauti, ujue wengine wamevilipia vibaya.

Baada ya hapo zitabaki alama zisizo na zamu na zamu zisizo na alama. Hizo haziamuliwi na karani wala programu. Zinakwenda kwa msimamizi kama maswali, jina kwa jina, na anajibu kwa maandishi.

mama_wawili: Mimi pia nililetewa utoro siku niliyokuwa likizo ya uzazi! Wamekataa kurekebisha. Nifanyeje?

babu_wa_zamu: Pole mama. Lako ni jingine, likizo haikuingizwa kwenye ratiba, kwa hiyo zamu yako ilibaki wazi. Peleka barua ya likizo iliyosainiwa, tarehe zilingane na siku walizokukata.

mkesha_hoi: Kwetu wasimamizi wanabadilisha ratiba baadaye ili ifanane na alama. Mtu akichelewa kutoka, ratiba inasogezwa hadi alipotoka, ovataimu inayeyuka. Hutaona tofauti yoyote, kila kitu kinalingana.

Mwanzisha uzi: Hilo limenitia baridi. Nimeangalia ratiba yetu, faili ni moja na kila mmoja anaandika juu yake. Kuanzia leo nahifadhi nakala siku inapotangazwa, na mabadiliko yote yaandikwe pembeni, nani kabadilisha na lini.

fundi_jedwali: Sawa, nakubali kuhusu jozi. Lakini zile dakika 51 usizisahau kwenye mfumo wa malipo, ni 0.85 ya saa. Nimeona watu wanaandika 0.51.

Mwanzisha uzi: Nimecheka kwa uchungu, ndivyo ilivyoandikwa kwa mwenzake wa zamu hiyohiyo. Asante.

mkesha_hoi: Na zile dakika za kuwahi? Kijana alifika 21:52. Dakika 8 hizo hazilipwi?

babu_wa_zamu: Mimi nahesabu tangu saa 4 kamili, isipokuwa msimamizi alimwita mapema.

mkesha_hoi: Babu, kwetu tunatakiwa kufika mapema kuvaa na kupokea mashine. Hiyo ni kazi.

babu_wa_zamu: Kama mnatakiwa kwa agizo, hoja yako ina nguvu. Ila hiyo dada hawezi kuimaliza kwenye jedwali, inatakiwa iandikwe kwenye utaratibu wenu.

Mwanzisha uzi: Nimerudia zamu ya usiku yote kwa njia ya babu. Watu 9, kati yao 6 wana utoro ambao haukuwepo. Nimepeleka majina na alama zao kwa msimamizi leo asubuhi. Kijana wangu ameahidiwa siku yake na dakika 51 kwenye malipo yajayo. Sijaridhika, maana alikatwa sasa na kodi ya nyumba haingoji.

Lingine limebaki. Kuna zamu iliyoanza siku ya kawaida ikaishia sikukuu. Nikiiweka yote siku ilipoanza, saa 6 za baada ya saa 6 usiku zinakosa malipo ya sikukuu. Babu, hapo unafanyaje?

babu_wa_zamu: Mimi nazigawa. Zamu inabaki moja kwa mahudhurio, saa zinagawanywa kwa viwango. Lakini nimefanya kazi mahali walipokataa, na mkataba ulikuwa upande wao. Soma wenu kwanza.