Salfa yangu haijafika, mikorosho imeanza kutoa maua, na duka limeniletea barua ya "chagua moja kati ya matatu"

Mkorosho400

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nalima korosho Tandahimba. Miti inayozaa ni 400. Tarehe 12 Mei nililipa shilingi 800,000 taslimu kwenye duka moja la pembejeo Mtwara mjini: mifuko 20 ya salfa ya unga, kilo 25 kila mmoja, mfuko 40,000. Hesabu yangu ni ile tuliyofundishwa, robo kilo kwa mti kila mzunguko. Miti 400 inakula kilo 100, yaani mifuko minne, na nimepanga mizunguko mitano. Nyuma ya risiti kijana wa kaunta aliandika kwa mkono wake "mzigo tarehe 10 Juni", akagonga muhuri wa duka juu yake.

Tarehe 10 ikapita kimya. Nikapiga simu tarehe 11, 13 na 14, kila siku naambiwa "kesho mzee". Jana tarehe 17 saa moja usiku ndiyo nikaletewa hii kwa Wasapu. Nainakili kama ilivyo:

"Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kukujulisha kuwa kutokana na uhaba wa bidhaa ulio nje ya uwezo wetu, oda yako imechelewa. Kwa kukujali tunakupa machaguo matatu. (a) Kusubiri hadi mzigo utakapowasili hivi karibuni. (b) Kupokea bidhaa mbadala yenye ubora sawa. (c) Kurejeshewa fedha ndani ya siku 45 za kazi, baada ya makato ya asilimia 10 ya gharama za uendeshaji. Usipojibu ndani ya siku 2 tutachukulia umechagua (a). Tunathamini ushirikiano wako."

Leo alfajiri nimeingia shambani. Mikorosho ya upande wa mashariki imeshatoa mashada. Nimepitisha kidole kwenye shada moja, kikatoka na unga mweupe kama nimegusa kinu. Ubwiriunga huo, ugonjwa ambao hiyo salfa ndiyo ingeukinga. Ua likishashikwa linakuwa kahawia, halifunguki, linadondoka, na korosho ya mwezi wa kumi inakuwa imekufa mwezi wa sita.

Sasa nisomee hayo machaguo. "Hivi karibuni" ni lini? "Bidhaa mbadala" ni ipi, na ikiwa bei yake ni kubwa nani analipa nyongeza? Siku 45 za kazi ni wiki tisa, nimehesabu kwenye kalenda, zinafika kuelekea tarehe 20 Agosti, na hapo sijaongeza Sabasaba na Nanenane. Maua yatakuwa yameshapita. Na wananikata 80,000 kwa mzigo ambao wao ndio wameshindwa kuuleta! Oda sikuvunja mimi.

Nijibu nini? Kesho ndiyo siku yao ya mwisho.

Kijana_wa_Newala

Pole mkuu. Ila hapo umebanwa. Wameandika siku 2, ukikaa kimya imekula kwako. Kunyamaza ni kukubali, hata kisheria. Chagua (b), salfa ni salfa. Chukua ile ya kuchanganya na maji, piga kazi.

Mnufaika

Hata sisi huku Nachingwea mgao umetukuta hivyo hivyo. Nilihakiki taarifa zangu kwenye daftari la wakulima, jina likatoka, lakini idadi ya miti wakaandika 40 badala ya 140. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho chako, usiwaachie.

Mkorosho400

Ndugu Mnufaika, pole, lakini hii siyo ya ruzuku. Nimenunua dukani kwa pesa yangu.

Mzee_wa_Shamba

Mwanangu Mkorosho, nimekuwa bwana shamba miaka mingi kabla ya kustaafu, nisikilize taratibu.

Kijana wa Newala amesema nusu ya kweli. Viuatilifu vya maji vipo na vinafanya kazi dhidi ya ubwiriunga. Lakini si kitu cha kubadilisha kama sukari ya kopo na sukari ya mfuko. Salfa ya unga unaipuliza kavu, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala, ili unga unate. Ya maji inataka mashine iliyofungwa vifaa vya kupulizia maji, inataka maji safi shambani, na wapulizaji wanaojua kupima. Ratiba nayo inabadilika. Salfa ya unga tunarudia kila siku 14, hizi za maji nyingi kila siku 21. Kwa hiyo mtu akikwambia "mfuko kwa chupa, ubora sawa" hajakwambia kitu. Mwulize jina la dawa, kiambato chake, namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, kwenye lebo, tarehe ya kuisha muda, na chupa ngapi zinatosha miti 400 kwa mizunguko mingapi. Akishindwa kujibu hayo, hana mbadala, ana chupa tu.

Jambo la pili ndilo kubwa. Salfa inakinga, haiponyi. Shada lililokwisha kuwa kahawia hata ulimwagie mfuko mzima halirudi. Unalolinda ni mashada yanayofuata, na mikorosho haitoi maua siku moja, inaendelea kutoa kwa wiki kadhaa. Bado una cha kuokoa, ila kwako wewe siku nne ni nyingi.

Sasa nikuulize: wiki hii unahitaji mifuko mingapi?

Mkorosho400

Shikamoo mzee. Mifuko 20 ndiyo niliyolipia.

Mzee_wa_Shamba

Marahaba. Sikuuliza uliyolipia. Mzunguko wa kwanza unahitaji minne. Baada ya siku 14 unahitaji minne mingine. Wewe na hilo duka wote mnaongea kana kwamba ni ishirini au sifuri.

Mtunza_Stoo

Mzee amegonga penyewe. Mimi nimetunza stoo ya pembejeo Masasi misimu sita na barua za namna hii nimeziandika kwa mkono wangu, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kwanza niwatetee kidogo. Duka la rejareja halijui meli wala kontena, linategemea muuzaji wa jumla. Yeye akisema "wiki ijayo" mara tatu, kijana wa kaunta anaogopa kuandika tarehe, anaandika "hivi karibuni". Lakini ndiyo maana barua inakuwa haina faida kwa mteja. Ilitakiwa iseme: tumeambiwa tarehe fulani, tutathibitisha siku fulani, ikipita pesa yako unaipata bila kuidai. Mteja anaweza kupanga kwa tarehe yenye shaka, mradi aambiwe kuwa ina shaka.

Pili, stoo huwa haiwi tupu kabisa mwezi wa sita. Kinachotokea ni hivi: ikija mifuko 60 na oda ni 200, anayepiga kelele au anayelipa bei mpya ndiye anayebeba. Ndiyo maana barua yako haijasema wana mifuko mingapi leo. Uliza hilo kwa maandishi, na uliza uko wa ngapi kwenye foleni kwa tarehe ya malipo. Ya Mei 12 ni ya mapema, lazima uwe juu.

Tatu, makato ya asilimia 10 huwa ni ya mteja aliyebadili mawazo. Wamechukua karatasi ya kazi nyingine wakabandika hapa.

MamaBati

Mimi niko Lindi, si mkulima, lakini neno "ubora sawa" limenitoa machozi. Niliagiza bati geji 28 rangi ya udongo. Wakaniambia zimeisha, chukua mbadala, bei ile ile. Fundi alipopanda juu ndiyo akanionyesha, geji 30, nyembamba, zinabonyea chini ya goti lake. Niliporudi wakasema "mama ulikubali mbadala". Na kweli nilisaini. Kaka, usiandike "nakubali mbadala" kabla hujashika kitu mkononi na kusoma lebo.

Karani_Mstaafu

Nimsahihishe Kijana wa Newala. Mtu hawezi kukuandikia "ukinyamaza umekubali" halafu ukimya wako ukawa ridhaa. Kwenye mikataba haiendi hivyo. Hata hivyo jibu kabla ya kesho, ili kusiwe na ubishi, na ulitume pale pale Wasapu ilikokuja barua.

Kuhusu tarehe: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kama muda ulikuwa ndio msingi wa mapatano na upande mmoja ukachelewa, upande wa pili unaweza kuvunja mkataba. Swali ni kama maandishi nyuma ya risiti yanatosha kuonyesha hivyo. Mimi naona yanatosha, kwa sababu kuna muhuri na kila mwuza salfa anajua msimu.

Mtunza_Stoo

Hapo tutabishana, karani. Duka litasema yule kijana hakuwa na mamlaka ya kuahidi tarehe.

Karani_Mstaafu

Na muhuri aliutoa wapi?

Mkorosho400

Nimesoma yote. Nimewaandikia saa tano asubuhi hivi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe 17 Juni kuhusu risiti ya tarehe 12 Mei, mifuko 20 ya salfa ya unga, shilingi 800,000, mlioahidi tarehe 10 Juni. Sijachagua (a), na ukimya wowote usihesabiwe kuwa nimechagua. Naomba mifuko 4 ifikapo tarehe 20 Juni na mingine 4 ifikapo tarehe 3 Julai. Kwa 12 iliyobaki nitajieni tarehe mliyopewa na muuzaji wenu. Ikipita, nirudishiwe 480,000 kamili, bila makato, kwa njia ile ile niliyolipa. Mbadala sitapokea mpaka nione lebo, kipimo kwa miti 400 na bei. Nijulisheni leo mna mifuko mingapi stoo."

Tarehe 3 Julai nimeitoa hapa: nikipuliza tarehe 21, siku 14 zinafika tarehe 5, nataka siku mbili za kuusafirisha na kuugawa.

Kijana_wa_Newala

Hapo kwenye maji nimekuelewa mzee, shamba letu lenyewe dumu la lita 20 linakuja kwa bodaboda. Nimefuta kauli.

Mkorosho400

Wamejibu saa tisa. Meneja mwenyewe amepiga, siyo kijana wa kaunta. Wana mifuko 11 stoo. Kumi na moja, wakuu, na barua ilisema uhaba! Wamekubali nichukue minne kesho, wakaomba nisiwaambie wengine. Nimemjibu kwamba wengine nao wamelipa, na nimeshaandika hapa. Kama ulilipa Mei kwenye duka la Mtwara mjini na umepata barua kama yangu, uliza idadi ya stoo.

Ya tarehe 3 Julai amesema "tutaona", nimemtaka aandike, hajaandika. Makato amesema atauliza ofisi kuu. Kwa hiyo 480,000 yangu bado iko hewani.

Nimepanga gari la saa kumi na moja alfajiri. Mashine nimeshaitia mafuta, na wapulizaji wawili nimewaambia tarehe 21 wawe shambani kabla umande haujakauka. Upande wa mashariki tutaanza nao.